Sura ya Tano: Mchanga Unaokula Simiti

Ukitoka Athi River na kushika Barabara ya Namanga, viwanda vya simiti vinabaki nyuma yako na mji wa Kitengela unaanza kwa vibao vya kuuza ploti. Sensa ya 2019 ilikuta zaidi ya watu 150,000 katika mji huu, ambao kizazi kimoja nyuma ulikuwa kituo kidogo katikati ya malisho ya Wamaasai. Watu hao wanahitaji nyumba, na nyumba zinahitaji mawe au matofali. Ndiyo maana yadi za matofali ya simiti ni jambo la kawaida pande hizi: mashine ya kutetemesha, rundo la dasti ya kokoto, rundo la mchanga, stoo ya simiti yenye kufuli kubwa, na safu za matofali ya kijivu yanayosubiri kukauka.

Simiti haisafiri mbali kufika hapa. East African Portland, kampuni yenye asili ya mwaka 1933, ina kiwanda Athi River, na sehemu ya mawe yake ya chokaa huchimbwa huku huku Kajiado, upande wa Bissil. Majirani wake wa Athi River nao husaga simiti usiku na mchana. Bei ya mfuko hupanda na kushuka, lakini kwa mwenye yadi haina ujanja mwingi: mfuko wa kilo 50 ni mfuko wa kilo 50, na jirani ananunua kwa bei ile ile au karibu nayo.

Mchanga ni habari nyingine. Hauna kiwanda wala nembo. Unatoka kwenye mito ya msimu ya Kajiado, Machakos na Makueni, na kila mto una mchanga wake. Hata mto mmoja hutoa mchanga safi kwenye kona moja na tope kwenye kona ya pili. Kuuchota kumewekewa masharti: mamlaka ya mazingira, NEMA, ilitoa mwongozo wa kitaifa wa uvunaji mchanga mwaka 2007, na Makueni ikatunga sheria yake ya kuulinda mwaka 2015. Mvua ikinyesha, malori hayashuki mtoni. Kaunti ikifunga njia, bei inaruka. Kwa hiyo mwenye yadi anayetafuta mahali pa kubana matumizi hutazama mchanga kwanza, kwa sababu hapo ndipo bei inaweza kujadiliwa. Na hapo ndipo wengi huumia bila kujua walipoumia.

Njia ya kuona jeraha hilo ni ya zamani. Mwaka 1911 mhasibu G. Charter Harrison alibuni huko Marekani mfumo kamili wa kupanga gharama kabla ya kazi kuanza, kisha kulinganisha kilichotokea na kilichopangwa. Mwaka 1918 alianza kuchapisha hesabu za kuitenganisha tofauti hiyo katika vipande, na wanafunzi wa uhasibu Kenya wanaosomea mitihani ya Kasneb bado wanazikokotoa. Vipande viwili vinatosha kwa sura hii. Cha kwanza ni tofauti ya bei: ulilipa zaidi au pungufu kwa kila tani kuliko ulivyopanga? Cha pili ni tofauti ya matumizi: kwa kazi iliyotoka, ulitumia tani nyingi au chache kuliko ilivyopaswa?

Tuchukue yadi ya mfano, isiyo ya mtu yeyote. Bei na vipimo vyake ni vya kutungwa, ila havikuwekwa mbali na vile ambavyo mtu wa kazi hii angevitambua. Inatengeneza tofali la inchi 6 lenye mashimo, la kilo 18 hivi. Mwenye yadi ameshapima na kuandika kiwango chake: mfuko mmoja wa simiti hutoa matofali 25. Kwa matofali 10,000 mazuri yanahitajika mifuko 400, tani 60 za mchanga na tani 100 za dasti. Yale machache yanayovunjika kila siku yamo ndani ya kiwango hicho.

Bei zake za kupanga ni shilingi 750 kwa mfuko, 2,000 kwa tani ya mchanga na 1,200 kwa tani ya dasti. Simiti itagharimu 300,000, mchanga 120,000, na dasti 120,000. Jumla ni shilingi 540,000, yaani shilingi 54 za malighafi kwa kila tofali.

Mwezi mmoja mnunuzi wa yadi anapata dalali mpya mwenye mchanga wa shilingi 1,600. Punguzo la shilingi 400 kwa tani, asilimia 20 nzima. Rangi yake ni nyeusi kidogo kuliko ule wa kawaida, lakini mchanga ni mchanga, na lori linamwagwa.

Baada ya siku mbili, msimamizi wa mashine anamwendea mwenye yadi. “Bosi, mchanga huu unakula simiti,” anasema. Amelazimika kuongeza mfuko mara kwa mara, la sivyo matofali yanamong’onyoka pembe yakitolewa kwenye ubao. Mwenye yadi anatikisa kichwa na kumwambia ajitahidi. Ameshaona hesabu ya mchanga, na hesabu ya mchanga inampendeza.

Mwisho wa mwezi matofali 10,000 mazuri yako uwanjani, lakini ili kuyapata mashine ilipiga 10,600, bila kuhesabu yale machache yanayovunjika kila siku. Mia sita zaidi ya kawaida yalipasuka au kulika pembe. Mchanga uliotumika ni tani 66: sehemu ya ziada iliingia kwenye matofali yaliyovunjika, na nyingine ilibaki kwenye chekecheke kama mabonge ya udongo na mizizi. Dasti ni tani 106. Simiti ni mifuko 480, kwa kuwa mfuko sasa unatoa matofali 22 badala ya 25.

Anza na mchanga peke yake, kama alivyofanya mwenye yadi. Tani 66 kwa punguzo la shilingi 400 ni shilingi 26,400 zilizookolewa kwenye bei. Tani 6 za ziada, zikihesabiwa kwa bei ya kupanga ya 2,000, ni shilingi 12,000 zilizopotea kwenye matumizi. Ukitoa, mchanga bado umeokoa shilingi 14,400. Mtu anayesoma mstari huu mmoja atampongeza mnunuzi, na hesabu yake haina kosa.

Sasa shuka mistari miwili. Dasti imezidi kwa tani 6, shilingi 7,200. Simiti imezidi kwa mifuko 80, na kwa 750 kila mmoja hiyo ni shilingi 60,000. Hasara zote za matumizi, mchanga na dasti na simiti, zinafika 79,200. Ukiondoa zile 26,400 zilizookolewa kwenye bei, yadi imelipa shilingi 52,800 zaidi ya ilivyopanga. Malighafi ya tofali moja imetoka shilingi 54 hadi 59 na senti 28, katika mwezi ambao bei za simiti na dasti hazikubadilika na mchanga ulishuka kwa moja ya tano.

Hapa vitabu vingi vya hesabu hupita haraka mno. Mfano wao wa kawaida ni wa malighafi moja: kitambaa cha bei ya chini kinaharibika zaidi, kwa hiyo unatumia kitambaa kingi zaidi. Ni kweli, lakini hatari kubwa zaidi ni pale malighafi moja inapoharibu matumizi ya nyingine. Hasara ya mchanga mbaya haikukaa kwenye mchanga. Ilihamia kwenye simiti, ambayo kwa uzito ni sehemu ndogo ya tofali lakini kwa fedha ni zaidi ya nusu yake. Mwenye yadi anayetunza daftari moja la kila malighafi bila kuyaweka pamoja ataona mchanga uliofaulu na simiti iliyofeli, kisha atamgombeza asiyehusika: msimamizi wa mashine, au mtunza stoo ambaye sasa anashukiwa kuuza mifuko usiku.

Kwa nini mchanga ule simiti? Jibu liko katika chembe ndogo zaidi. Mchanga mzuri wa mtoni ni punje safi za mawe, kubwa na ndogo zikichanganyika, na uji wa simiti hushika kila punje moja kwa moja. Tope na udongo wa mfinyanzi huivisha punje ngozi laini, na uji hushika ngozi hiyo badala ya jiwe. Zaidi ya hapo, chembe za udongo ni ndogo mno na zina uso mwingi wa kulowesha, hivyo mchanganyiko unataka maji zaidi ili ulainike na kujaa kwenye kalibu. Maji yakizidi, tofali linadhoofika. Duff Abrams wa Chicago alilionyesha hilo kwa vipimo vingi mwaka 1918, mwaka ule ule ambao Harrison alikuwa akichapisha hesabu zake: nguvu ya zege hufuata uwiano wa maji kwa simiti, na maji yakiongezeka kwa simiti ile ile, nguvu inashuka. Msimamizi anayeongeza simiti anarudisha uwiano huo mahali pake. Hafanyi ubadhirifu. Analipa deni la mchanga kwa sarafu ya bei ghali.

Hata ile mifuko 80 inaweza kuchambuliwa. Kwa kiwango cha matofali 25 kwa mfuko, matofali 10,600 yangetumia mifuko 424. Kwa hiyo mifuko 24 ilizikwa ndani ya matofali yaliyovunjika, na mifuko 56 iliongezwa kwa makusudi ili mengine yasivunjike. Uchambuzi huu unafaa kufanywa kila mwezi, kwa kuwa unasema kasoro imetokea wapi. Simiti ikizidi na matofali yanayovunjika yakazidi pamoja, tangu siku lori jipya lilipomwagwa, mchanga ndio wa kutazamwa kwanza. Simiti ikizidi peke yake, na matofali yakawa ya kawaida kwa idadi na kwa ugumu, hapo ndipo kuna sababu ya kuhesabu mifuko stoo na kukagua ndoo za kupimia. Simiti ikiwa ile ile lakini matofali yanapasuka, shida huenda iko uwanjani: upepo na jua la tambarare za Athi-Kapiti hukausha tofali kabla simiti haijamaliza kazi yake, na tofali lisilomwagiwa maji na kufunikwa kwa siku 7 hivi halikomai. Kalibu iliyochakaa nayo ina alama yake. Tofali linanenepa, kwa hiyo mchanga, dasti na simiti huzidi vyote kwa kiasi kinacholingana, na mizani itasema tofali lina kilo 19 badala ya 18.

Kuna namna moja ambayo taarifa ya mwezi ingetoka safi. Msimamizi angekataa kuongeza simiti. Angepewa mchanga wa tope na kuambiwa mfuko lazima utoe matofali 25, naye akatii. Matofali dhaifu yangeuzwa kabla ya kugundulika, maana zege hupimwa nguvu yake kamili ikiwa na siku 28, na yadi yenye njaa ya fedha haisubiri siku 28. Tofauti ya matumizi ingekaribia sifuri. Gharama ingehamia ukutani kwa mtu mwingine, na kurudi baadaye kama mteja anayedai fedha zake au asiyerudi kabisa. Mwenye yadi anayemwadhibu msimamizi kwa kila mfuko wa ziada, bila kuuliza alipewa mchanga gani, anamsukuma kuelekea huko. Hili ndilo linalotia uchungu zaidi katika hesabu hizi, kwa sababu watu watakaolala chini ya ukuta huo hawakuwahi kuiona taarifa.

Tatizo jingine ni la wakati. Yadi nyingi huandika tofauti ya bei siku ya kununua. Mnunuzi akichukua tani 120 za mchanga wa bei ya chini mwezi Machi, taarifa ya Machi itaonyesha akiba ya shilingi 48,000, na hakuna hasara hata moja pembeni yake, kwa kuwa mchanga bado uko rundo. Hasara zitaanza Aprili na kuendelea Mei, chini ya jina la uzalishaji. Kama mnunuzi hupewa bakshishi kwa kushusha bei, ameshaipokea. Dawa yake ni kuliandika kila lori kwa namba, kuweka rundo lake peke yake, na kuandika namba hiyo kwenye daftari la mashine siku mchanga huo unapotumika. Akiba na hasara zinapobeba namba moja, zinaweza kusomwa pamoja hata kama miezi miwili imepita katikati.

Na bei yenyewe inataka kuchunguzwa kabla ya kuitwa akiba. Katika yadi ya mfano tulichukulia kwamba mizani ilipima mchanga mkavu. Lori likifika limelowa, likiwa na maji asilimia 8 ya uzito wake, basi katika kila tani kuna kilo 920 tu za mchanga. Shilingi 1,600 zimenunua kilo hizo 920, ambayo ni sawa na kulipa karibu 1,740 kwa tani kavu, na punguzo la 400 limebaki 260 hivi. Anayenunua kwa ujazo hayuko salama zaidi, kwani mchanga wenye unyevu kidogo huvimba na kulijaza lori kuliko mchanga mkavu wa uzito ule ule. Kupima ni rahisi: pima kilo moja ya mchanga kutoka katikati ya lori, uukaange kwenye sufuria mpaka ukauke kabisa, upime tena. Kilichopungua ni maji.

Tope nalo lina kipimo chake, na hakihitaji maabara. Chukua chupa ya plastiki inayopitisha mwanga, yenye pande zilizonyooka. Tia mchanga mpaka nusu, ongeza maji yenye chumvi kidogo mpaka robo tatu, funga na utikise kwa nguvu, kisha iache mahali tambarare kwa saa 3. Punje za mchanga hutua mara moja. Tope hutua polepole juu yake kama tabaka laini la rangi tofauti. Pima urefu wa tabaka hilo kwa rula na uligawanye kwa urefu wa mchanga ulio chini. Likizidi asilimia 8 hivi, mafundi wengi wa zege huukataa mchanga huo au huuosha kwanza. Ambaye hana hata chupa anaweza kusugua mchanga viganjani: ukiumwaga na viganja vikabaki na madoa ya udongo, ameshapata onyo. Vipimo hivi havichukui nafasi ya maabara, na chupa haitambui chumvi wala uozo wa majani, lakini hufanyika langoni kabla lori halijamwagwa, wakati ambapo kukataa bado hakugharimu kitu.

Kuosha mchanga kunasikika kama suluhisho la bure. Kwa Kitengela, si la bure. Mji huu una shida ya maji ya miaka mingi, na yadi nyingi hutegemea visima virefu au maji ya kununua kwa bauza. Mchanga wa tope hauoshwi kwa ndoo moja. Unaoshwa mpaka maji yatoke meupe, na sehemu ya rundo huondoka nayo. Gharama hiyo, pamoja na vibarua, inafaa kuongezwa kwenye bei ya tani kabla ya kulinganisha.

Turudi kwa dalali na swali ambalo mnunuzi angepaswa kumuuliza: mchanga huu ungefaa kwa bei gani? Hesabu ipo. Simiti na dasti za mwezi ule mbaya ziligharimu shilingi 487,200. Ili jumla isivuke 540,000, zingebaki 52,800 za kununulia tani 66 za mchanga. Hiyo ni shilingi 800 kwa tani. Mchanga ule, kwa tope lile, ulihitaji kushuka kwa asilimia 60 ndipo yadi itoke sare, na ulikuwa umeshuka kwa 20. Mnunuzi aliye na namba hii mfukoni hahitaji kubishana kuhusu ubora. Anajua bei ambayo chini yake biashara ipo.

Si kila bei ya chini ni mtego, na ni haki kusema hivyo. Mchanga wa mto ulio karibu zaidi unaweza kuwa safi sawasawa na kupungukiwa nauli tu. Dasti ya machimbo ya mawe ya Mlolongo inaweza kuchukua nafasi ya sehemu ya mchanga pale mvua inapofunga mito, mradi mchanganyiko upangwe upya, maana dasti nayo ina unga mwingi na hutaka maji yake. Kuna pia bei ya juu ambayo haimhusu mnunuzi: mito ikifungwa na kila yadi ya Kitengela ikanunua kwa 2,400, ile 400 ya ziada si uzembe wake, na kiwango cha 2,000 ndicho kilichopitwa na wakati. Wahasibu waangalifu huitenga sehemu hiyo, ili mnunuzi apimwe kwa bei iliyokuwepo sokoni siku aliyonunua.

Kinachotenganisha bei nzuri na mtego ni jaribio, na jaribio la yadi ni la bei ndogo. Kabla ya kuagiza malori, leta tani mbili. Piga matofali 200 kwa kiwango kile kile cha simiti bila kuongeza kijiko, yatie alama ya rangi, yamwagilie maji kama mengine. Hesabu yaliyovunjika siku ya kwanza na siku ya saba, na upeleke machache maabara yakifika siku 28. Msimamizi wa mashine aandike mfuko ulitoa matofali mangapi, na jina lake liwe kwenye karatasi ile ile ya kuagiza mchanga, chini ya jina la mnunuzi, kabla ya fedha kutoka.